Kamisheni kwa Wanaotuletea Wateja: Hesabu Niliyochelewa Kuifanya

Ofisi yetu ya uhasibu ipo katikati ya jiji la Mwanza, ina wahasibu wawili wanaoshughulikia wateja pamoja nami, na kazi yake kubwa ni kutunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo na wa kati na kuwasilisha ritani zao TRA. Miaka miwili iliyopita niliamua kwamba yeyote atakayetuletea mteja atapewa shilingi 150,000 siku mteja huyo anaposaini barua ya makubaliano ya kazi. Katika miezi kumi na miwili tuliletewa wateja 14, kila mmoja akikubali kulipa ada ya shilingi 250,000 kwa mwezi, nami nikaona kwamba shilingi 2,100,000 nilizotoa zimerudi kabla mwezi haujaisha. Nilikosea, na kosa langu lilikuwa la aina ambayo nisingeivumilia kwenye vitabu vya mteja.

Kosa la kwanza ni kulinganisha kamisheni na ada badala ya kuilinganisha na kinachobaki baada ya kazi kufanyika. Nilipojumlisha mishahara ya wahasibu wawili, michango ya mwajiri NSSF na sehemu yao ya pango na umeme, nilipata shilingi 2,880,000 kwa mwezi. Saa ambazo wote wawili wanazitumia kweli kwenye kazi za wateja ni 240, nyingine zikimezwa na simu, foleni na vikao. Saa moja inanigharimu shilingi 12,000. Mteja wa kawaida huchukua saa 12 kwa mwezi, yaani shilingi 144,000, kwa hiyo katika ile ada ya 250,000 kinachobaki ni shilingi 106,000 tu. Hiyo ndiyo fedha inayoweza kurudisha kamisheni.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya mfuko wa rambo. Mteja mmoja wa vifaa vya ujenzi alikuja nao ukiwa umejaa risiti za EFD za manunuzi, nusu yake zikiwa zimefifia na kubaki karatasi nyeupe, pamoja na barua ya TRA iliyokuwa imekaa mwezi mzima bila kujibiwa. Mhasibu wangu alitumia saa 30 kurudi kwa wasambazaji kuomba nakala na kulinganisha taarifa za benki na ritani zilizokwisha kuwasilishwa, kazi ambayo sikumtoza mteja kwa kuwa nilitaka aanze kwa moyo mweupe. Saa 30 ni shilingi 360,000, zaidi ya mara mbili ya kamisheni yenyewe. Barua ilipojibiwa, mteja alilipa mwezi mmoja zaidi kisha akaacha kupokea simu. Wateja watano kati ya wale 14 waliondoka kwa namna hiyo kabla ya kufikisha miezi sita, na wanne kati yao waliletwa na mtu mmoja ambaye, nilikuja kugundua, alikuwa akitafuta watu waliobanwa na kodi, kwa sababu hao ndio wepesi wa kusaini.

Swali gumu zaidi ni hili: kati ya wale tisa waliobaki, ni wangapi wangekuja hata bila kamisheni? Mwaka uliotangulia, wateja wetu wenyewe walituletea wateja sita wa kudumu bila kulipwa senti. Nikiwaondoa sita kwenye tisa, mpango wangu ulizaa wateja watatu. Shilingi 2,100,000 kwa wateja watatu ni 700,000 kwa kila mmoja. Ukiongeza 360,000 za kusafisha vitabu unapata 1,060,000, na ukigawanya kwa 106,000 unapata miezi kumi kabla ya senti ya kwanza ya faida. Hapo sijagusa saa zilizopotea kwa wale watano.

Nakiri kwamba sita ni idadi ndogo ya kuegemea. Kama mwaka wa kawaida ungetupa wanne, hesabu ingeshuka hadi mwezi wa nane. Kama ungetupa wanane, ingepanda hadi karibu miaka miwili. Kwa ofisi ndogo jibu huwa ni kiasi cha kubahatisha kati ya mipaka miwili, na heri kuiandika mipaka yote miwili kuliko kujipa namba moja ya kujifurahisha.

Mpango wa pili niliuandika upya kwa ukurasa mmoja. Kamisheni sasa ni ada ya mwezi mmoja, lakini nusu yake hulipwa mteja akishalipa mwezi wa tatu na nusu nyingine akishalipa wa sita. Kusafisha vitabu vya nyuma kuna bei yake na ankara yake. Wateja wetu wa zamani hawamo. Wanapotuletea mtu tunawashukuru kama tulivyowashukuru siku zote. Wanaolipwa ni watu sita walioandikishwa, ambao hawakuwahi kutuletea mteja hapo kabla, wakiwemo mtu anayewasaidia wafanyabiashara kusajili kampuni BRELA na muuzaji wa mashine za EFD.

Kuna mambo ya maadili ambayo mhasibu aliyesajiliwa na NBAA hawezi kuyaruka. Mteja lazima aambiwe kwa maandishi kwamba aliyemleta atalipwa, nasi tunaliweka jambo hilo kwenye barua ya makubaliano. Tena, kulipa kwa awamu kunamjulisha mleta mteja kwamba mteja analipa ada, na hiyo ni taarifa ya mteja. Kwa hiyo barua hiyo inaomba ridhaa yake, na asipotoa ridhaa, tunamlipa mletaji nusu moja tu siku ya kusaini na jambo linaishia hapo. Kazi za ukaguzi wa hesabu nimeziweka nje ya mpango kabisa ili uhuru wa mkaguzi usije ukahojiwa. Ofisa mikopo wa benki aliyeniomba awekwe kwenye orodha nilimkataa, kwani anayeamua mkopo wa mtu hawezi kulipwa kwa kumwelekeza mtu huyo aende kwa mhasibu fulani. Njia hiyo inaishia TAKUKURU.

Katika mwaka wa pili wale sita walituletea wateja watano, na wanne wamevuka miezi sita. Tulilipa kamisheni kamili kwa wanne na nusu kwa mmoja, jumla shilingi 1,125,000, yaani 281,250 kwa kila aliyebaki, nazo zilirudi ndani ya mwezi wa tatu kwa sababu kazi ya kusafisha vitabu ilijilipa yenyewe. Watatu kati ya hao wanne ni kampuni mpya zilizotoka BRELA, ambazo hazina mfuko wa rambo wa kufungua. Udhaifu wake ni kwamba nyingine hazianzi biashara kamwe, na yule wa tano alikuwa wa aina hiyo.

Wakati huohuo wateja wa zamani walituletea saba bila malipo, jambo lililoniondolea hofu kwamba kuwaacha nje kungewaudhi.

Hesabu hii naifanya kila tarehe 21, ritani za VAT zikiwa zimeshapita: safu moja ya jina la mletaji, moja ya ada iliyoingia, moja ya saa kutoka kwenye karatasi za muda, moja ya kamisheni. Swali la “ulitufahamu vipi?” huulizwa na karani kwenye kikao cha kwanza, kabla mtu yeyote hajataja kamisheni, kwa sababu baada ya hapo kila mteja hukumbuka kwamba aliletwa na mtu.