Roboti kupunguza loti VIX ikipanda: maswali yenu

Roboti yangu inafuata VIX 75, lakini Wall Street ikichafuka haipunguzi loti. Tatizo nini? (Sakina, Arusha)

Umeshika jina siyo. Hiyo 75 mnayoitreidi vijiweni hutengenezwa na kompyuta kwa namba za bahati nasibu, na inakwenda hata Jumapili soko likiwa limefungwa. Haijui habari yoyote ya dunia. Kipimo cha hofu ni VIX ya Cboe, inayokokotolewa kutoka bei za opsheni za S&P 500 kwa siku 30 zijazo. TradingView itafute kwa `CBOE:VIX`, Yahoo kwa `^VIX`.

Nimeweka kiwango 20. Jioni moja roboti ilipunguza na kurudisha loti mara tano, spredi ikanila. (Majengo, Moshi)

Kiwango cha kupunguzia kisiwe ndicho cha kurudishia, na isome bei ya kufunga tu, si ya kila dakika. Tuseme loti yako ya kawaida ni 0.04. VIX ikifunga juu ya 20, shusha hadi 0.02, juu ya 30, 0.01. Kurudi iwe kwa shida: kutoka 0.01 kwenda 0.02 subiri ifunge chini ya 26 siku mbili mfululizo, kwenda 0.04, chini ya 17, siku mbili vilevile.

Ipitishe kwenye Agosti 2024. Ijumaa tarehe 2 VIX ilifunga 23.39, kwa hiyo ungeingia wikiendi ukiwa na nusu. Jumatatu, kabla New York haijafungua (huku kwetu kabla ya saa kumi na nusu jioni), ilirushwa hadi 65.73, kwa sehemu kwa sababu bei za kununua na kuuza opsheni zilikuwa zimeachana mno. Ilifunga 38.57: loti 0.01. Tarehe 8 na 9 ilifunga 23.79 na 20.37, ukarudi 0.02. Tarehe 14 na 15 ilikuwa 16.19 na 15.23, ukarudi 0.04. Mabadiliko manne tu, na ile 65.73 haikukugusa.

Ubaya wake upo: mshtuko ukianza katikati ya siku, utaupokea na loti nzima. Tarehe 5 Februari 2018 VIX ilitoka 17.31 ikafunga 37.32 siku hiyohiyo. Kwa hiyo kikomo cha hasara kwenye kila oda kinabaki palepale.

Akaunti ndogo, natumia 0.01. Nusu yake? (Ngaramtoni)

Haipo. Ukituma 0.005, MT5 itajibu `Invalid volume`. Ukiiacha roboti ikadirie kwenda juu, itatuma 0.01 ileile huku wewe ukidhani umejikinga. Iambie ikadirie kwenda chini, na ikipata sifuri isifungue oda mpya.

Intaneti ikikatika je? (Himo)

Roboti iangalie tarehe ya namba, si namba pekee. Kama bei ya kufunga siyo ya siku ya soko iliyopita, isipandishe loti.