Barua ya ukaazi ukiwa Uingereza: siku 183 si swali la kwanza

"Habari zenu. Mimi ni mtunza wazee huku Leicester tangu 2021. Nimepata barua pepe kutoka KRA ikiniuliza nilikuwa Kenya siku ngapi mwaka wa 2023, kama nina nyumba huko, familia iko wapi, na kama mshahara wa huku niliutangaza. Sikufikisha hata siku 100. Je, nikijibu hivyo tu, si yatakwisha?"

Dadangu, hayatakwisha. Mimi niko Leeds, nami nilipata barua kama hiyo kuhusu mwaka huohuo, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi kama hiyo yako. Kabla sijaituma nilisoma maana ya mkaazi, yaani mtu ambaye Kenya humtoza kodi hata ya mshahara wa nje, katika Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 470, nikagundua kwamba siku 183 ni mlango mmoja tu kati ya mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa mwenye makao ya kudumu Kenya. Huyo akikanyaga nchini kwa muda wowote ndani ya mwaka, ni mkaazi wa mwaka huo. Likizo ya wiki moja inatosha. Wa pili ndio huo wa siku 183 kwa asiye na makao. Wa tatu ndio uliokaribia kuniangusha: ukiwa umefika Kenya mwaka unaoulizwa na pia katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa siku zako ukazidi 122 kwa mwaka, wewe ni mkaazi.

Sasa hesabu yangu. Niliondoka Nairobi tarehe 18 Septemba 2021. Mwaka wa 2022 nilirudi kuanzia 4 Aprili hadi 7 Mei. Mwaka wa 2023 mama aliugua, nikakaa kuanzia 12 Februari hadi 26 Machi, kisha nikarudi tarehe 2 Desemba na kuondoka 5 Januari 2024. Ukihesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka zote mbili, 2021 inakuwa na siku 261, 2022 siku 34, na 2023 siku 73. Jumla ni 368. Gawanya kwa tatu upate 122.67. Nimezidi.

Usipohesabu siku za kuondoka, jumla inashuka hadi 365, na wastani ni 121.67. Sijazidi. Mtu aliyekaa Kenya siku 73 tu katika mwaka anaoulizwa anageuka mkaazi au asiwe mkaazi kwa sababu ya siku tatu za uwanja wa ndege. Kilichofanya hivyo ni ule mwaka wa kuondoka, kwa maana ulibeba miezi minane na nusu ya maisha yangu ya zamani. Nawe uliondoka 2021, kwa hiyo piga hesabu hii kabla hujaandika neno "sikufikisha".

Siku zenyewe usizitoe kichwani. Uingereza haigongi muhuri unapotoka, kwa hiyo usitegemee upande huo. Kenya hugonga ukiingia na ukitoka. Nilipiga picha kila ukurasa wenye muhuri, nikaweka na tiketi, halafu nikaandika jedwali la safari kwa tarehe nikisema wazi kwamba nimehesabu siku ya kufika na ya kuondoka. Sikuchagua hesabu iliyonipendeza. Nilijua utetezi wa siku tatu hauwezi kubeba jibu lote, na ofisa akikuona umejipunguzia siku atatilia shaka hata yale mengine ya kweli.

Jibu lenyewe likasimama kwenye makao, na hapo ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi. Sheria haiulizi kama hati ya nyumba ina jina lako. Inaangalia kama kuna mahali unapoishi, au panapopatikana kwako kuishi, na pia maslahi yako ya kibinafsi na ya kiuchumi yako karibu zaidi na wapi. Mimi nina nyumba ya vyumba viwili Ruiru. Tangu Novemba 2021 ina mpangaji mwenye mkataba wa maandishi. Nikienda Kenya siwezi kuingia humo, nalala kwa mama. Kwa hiyo nilitoa mkataba wa upangaji, taarifa za benki zinazoonyesha pango likiingia kila mwezi, na bili za stima ambazo mpangaji ndiye anayezilipa. Nyumba ingekuwa imefungwa tu, na fanicha yangu ndani na funguo kwa jirani, ningekuwa nayo "inayopatikana" hata kama sijailalia usiku mmoja. Kama yako iko hivyo, sema hivyo. Usiwaandikie kwamba umeipangisha halafu mpangaji awe ni binamu anayekaa bure.

Kuhusu mke na mtoto, walinifuata Leeds Agosti 2022. Niliweka barua ya shule ya mtoto, mkataba wa nyumba tunayopanga, na bili ya kodi ya baraza la mji yenye majina yetu. Niliandika pia kwamba namtumia mama pesa kila mwezi, kwamba nina akiba kwenye sako, na kwamba nina ploti isiyojengwa. Rafiki mmoja alinishauri niyafiche hayo. Sikukubali, na ningekushauri vivyo hivyo. Ploti tupu si makao, na kumtunza mama si kuishi Kenya. Yakitajwa na wewe yanabaki madogo, lakini yakigunduliwa na wao yanakuwa ushahidi wa uongo.

Sasa tuje kwenye lililoniumiza zaidi, na ambalo naona wengi wetu tunalo bila kujua. Kila Juni nilikuwa namtumia kijana wa saiba nywila yangu ya iTax anijazie ritani ya sufuri, ili nisipigwe faini baada ya tarehe 30. Fomu aliyokuwa akijaza ni `Income Tax - Resident Individual`. Maana yake kila mwaka mimi mwenyewe nilikuwa nimetangaza kwamba ni mkaazi, tena mkaazi asiye na mapato, ilhali nilikuwa nalipwa Leeds. Halafu pango la Ruiru nilikuwa nalilipia kodi ya kila mwezi ya pango kwa asilimia 10, kiwango cha wakati ule, nikijiona raia mwema. Utaratibu huo ni wa wakaazi tu. Mwenye nyumba asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote.

Unaona mtego. Huwezi kuwaambia kwamba wewe si mkaazi ukitaka mshahara usiguswe, kisha ubaki mkaazi linapokuja pango. Ilibidi nichague upande mmoja na kuulipia. Pango langu lilikuwa shilingi 35,000 kwa mwezi, yaani 420,000 kwa mwaka. Nilikuwa nimelipa 42,000, na kwa asilimia 30 nilipaswa kuwa nimekatwa 126,000. Nilitaja tofauti ya 84,000 ndani ya barua yangu kabla hawajaiuliza, nikakubali kuilipa pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na nikaomba wajibu wangu kwenye iTax ubadilishwe uwe wa asiye mkaazi.

Ni pesa nyingi, lakini tazama upande wa pili. Mkaazi wa Kenya hutozwa kodi ya mshahara wa kazi aliyoifanya ndani au nje ya nchi. Chukua mshahara wa pauni 24,000 kwa mwaka. Uingereza inaacha pauni 12,570 za kwanza, kisha inakata asilimia 20 ya kinachobaki, yaani pauni 2,286. Hiyo ni kama asilimia 9.5 ya mshahara wote. Kwa viwango vya Kenya, mshahara huohuo kwa shilingi 170 kwa pauni ni karibu 340,000 kwa mwezi, na kodi yake inazidi robo. Raia wa Kenya anaruhusiwa kutoa kodi aliyolipa nje kwa mshahara huo, lakini atatoa ile pauni 2,286 tu. Tofauti inabaki deni lake. Makato ya bima ya taifa ya Uingereza usiyahesabu kama kodi ya mapato.

Ndiyo maana sikuishia kwenye Sura 470. Kenya na Uingereza zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, uliotiwa saini 1973. Nchi zote mbili zikikudai kuwa mkaazi wake, mkataba unaamua kwa mpangilio: kwanza una makao ya kudumu wapi. Kama yako pande zote, maisha yako ya kifamilia na kiuchumi yana uzito zaidi wapi. Kisha unakaa kwa kawaida wapi, na uraia ndio unafuata. Uraia uko mbali kwenye foleni, kwa hiyo paspoti ya Kenya haikushindi mapema. Ukishakuwa mkaazi wa Uingereza kwa mujibu wa mkataba, mshahara wa kazi uliyoifanya ukiwa Uingereza ni wa Uingereza kuutoza. Kwangu hilo ndilo lililofunga ile hoja ya siku 368: niliandika kwamba hata kama wastani unanifanya mkaazi kwa sheria ya nyumbani, makao pekee yanayopatikana kwangu yako Leeds.

Mkataba hauchukuliwi kwa maneno. Omba HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, cheti cha ukaazi, fomu yake huitwa `RES1`, na utaje kwamba ni kwa ajili ya mkataba na Kenya. Ambatisha P60, hati ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka mzima, lakini kumbuka kwamba inahesabu mwaka unaoanza 6 Aprili, na Kenya inauliza Januari hadi Desemba. Kwa 2023 utahitaji cheti kinachogusa miaka miwili ya Uingereza, na hati za mshahara za miezi kumi na miwili zilizojumlishwa upya. Mimi nilituma P60 moja, ofisa akarudi kuuliza mbona takwimu hazilingani na mwaka, nikapoteza wiki kadhaa.

Kuhusu muda: barua uliyo nayo ni swali, bado si makadirio ya kodi. Kama siku walizokupa hazitoshi kupata cheti, waandikie kabla hazijaisha, tuma ulicho nacho, na utaje kinachofuata na lini. Ukinyamaza wanaweza kukukadiria wenyewe, na kuanzia hapo una siku 30 za kuweka pingamizi rasmi, ukiwa mbali, na mzigo wa kuthibitisha uko kwako.

Kwangu walikubali kwamba si mkaazi kwa 2023. Walitaka tofauti ya pango, na hilo nililipa. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, ingia iTax leo uone ni ritani gani zilizojazwa kwa jina lako tangu 2021. Kisha utueleze hapa nyumba yako iko katika hali gani: ina mpangaji, ina ndugu, au imefungwa. Jibu la barua yako litategemea hilo kuliko siku.