Siku 75 za nyanya zinaanzia wapi?

"Pakiti yasema kina sm 1, nafasi sm 60 × 45, siku 75. Nimesia nyanya 1 Aprili hapa Kisauni. Jirani asema nitavuna katikati ya Juni, kweli?"

Dada, jirani amejumlisha sawa, ila ameanzia pasipo. Kwa nyanya, siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu kuhamisha miche kutoka kitaluni. Ukihamisha 29 Aprili, tazamia tunda la kwanza karibu 13 Julai, na hilo ni kadirio tu. Sm 60 ni mstari hadi mstari, 45 mche hadi mche, tena ni za shambani, si za kitaluni. Kina ni kama upana wa kucha ya kidole cha shahada. Mchanga wetu hukauka juu upesi, kwa hivyo tandaza majani makavu, na uyaondoe mara tu uonapo shina limechungulia, limejikunja kama kulabu. Ukichelewa, miche hurefuka myembamba na kulala.

— Mbona bamia langu nilihesabu tangu kusia na likatimia?

Bamia husiwa palepale litakapokulia, ndugu yangu. Halihamishwi.