Karatasi ya taarifa ya mfuko: mimi huanza kusoma chini, kwenye maandishi madogo

"Wakuu, nimetumiwa karatasi ya taarifa ya mfuko mmoja wa uwekezaji, kurasa mbili. Juu kuna grafu, mfuko umepita kigezo linganishi kwa mbali. Chini kuna orodha ya vitega uchumi vikubwa, ada, na maneno kwamba matokeo ya nyuma si hakikisho la ya mbele. Nina milioni 3 za kiinua mgongo cha mama, sitaki kukosea. Nisome nini hasa?"

Mkuu, kwa kuwa ni hela ya mama, nitakueleza kwa karatasi niliyowahi kuishika mwenyewe. Ulikuwa mfuko mchanganyiko, yaani hisa pamoja na hatifungani za serikali na amana za benki. Namba nimezirahisisha ili hesabu ifuatike, na jina la mfuko naliacha.

Ukurasa wa kwanza ulisema: faida ya miezi 12 ni asilimia 16.2, kigezo linganishi ni asilimia 11.4. Niliona pointi karibu 5 za ushindi, nikanunua wiki ileile. Mwaka uliofuata, nilipotaka kuuza sehemu ya vipande nilipe ada ya shule, nikakuta hela iliyoko kwenye akaunti yangu haifanani na ile grafu. Ndipo nikarudi kuisoma karatasi upya, safari hii kutoka chini kwenda juu.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: faida imekokotolewa kabla ya kutoa gharama za mfuko. Wa pili: kigezo linganishi ni fahirisi ya bei za hisa, bila gawio. Hiyo mistari miwili ndiyo iliyotengeneza ushindi wote niliouona juu.

Tuanze na ule wa kwanza. Dawa yake ni rahisi na huhitaji kumwamini mtu. Tafuta thamani halisi ya kipande kimoja tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Thamani hiyo hutolewa baada ya mfuko kujilipia gharama zake, kwa hiyo haiwezi kuficha ada. Kwenye mfuko wangu kipande kilianza na shilingi 412.50, kikamaliza na 469.43. Toa, gawanya kwa 412.50, unapata asilimia 13.8. Kama mfuko ungekuwa umegawa gawio katikati ya mwaka, ningeliongeza kwenye bei ya mwisho kwanza. Haukugawa. Basi ile 16.2 ilikuwa 13.8, na pointi 2.4 zilizopotea njiani ndizo gharama.

Bado hapo hujatoka. Angalia kama kuna bei mbili, ya kununulia na ya kuuzia. Mfuko ule ulikata asilimia 1 mtu anapouza. Kwa hiyo mtu aliyenunua kwa 412.50 na kuuza kwa 469.43 angepokea 464.74, sawa na asilimia 12.7 hivi. Makato ya kutoka yanauma zaidi kwa anayekaa muda mfupi. Ukikaa miaka 10 unayalipa mara moja tu.

Gharama za kila mwaka ndizo za kuziogopa. Karatasi yangu iliandika "ada ya meneja asilimia 1.5" basi. Ile 2.4 haikuandikwa popote. Niliipata kwenye hesabu zilizokaguliwa za mwaka: jumla ya gharama zote za mfuko, yaani meneja, benki mtunza mali, mkaguzi, matangazo na usajili, ilikuwa shilingi bilioni 1.2, na wastani wa mali za mfuko ulikuwa bilioni 50. Gawanya, ni asilimia 2.4. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mfuko wako, hesabu za mwaka ni haki yako kuziomba. Kuona uzito wake, chukua milioni 1 inayokua kwa asilimia 14 kwa mwaka: baada ya miaka 10 ni kama milioni 3.7. Ondoa 2.4 kila mwaka, ibaki 11.6, na baada ya miaka 10 una milioni 3.0. Laki saba zimekwenda, na hakuna siku hata moja uliyoona zikikatwa.

Sasa kigezo linganishi, na hapa ndipo ningekuomba utulie zaidi, kwa sababu ndipo watu wengi tunapopotea.

Kigezo kinatakiwa kujibu swali moja: hela hii ingepata nini kama ingewekwa kwenye vitu vilevile bila ujuzi wa meneja? Mfuko wangu ulikuwa na asilimia 41 kwenye hisa, 46 kwenye hatifungani na 13 kwenye amana za benki. Lakini ulijipima kwa hisa peke yake, tena kwa bei tu. Zaidi ya nusu ya mfuko haikuwa na mwenzake wa kulinganishwa naye.

Suala la gawio si dogo hapa kwetu. Benki ya CRDB ililipa gawio la shilingi 50 kwa kila hisa kwa mwaka 2023, wakati hisa yenyewe ilikuwa ikiuzwa shilingi 500 na kitu. Hapo mwenye hisa kapata karibu asilimia 10 ambayo fahirisi ya bei haiioni kabisa. Mfuko unalipokea gawio hilo na kulihesabu kama faida, halafu unasimama pembeni ya fahirisi iliyonyimwa gawio hilohilo. Meneja anaweza kulala usingizi mwaka mzima na bado "akashinda".

Tazama pia ni fahirisi ipi. Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani DSE, lina fahirisi ya DSEI, inayochukua kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama KCB, EABL na Kenya Airways, ambazo biashara yake kubwa iko Nairobi. Na lina TSI, ya kampuni za hapa nchini tu. Mfuko unaoshika hisa za nyumbani peke yake ukijipima kwa DSEI, matokeo yanaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya mambo ya Nairobi ambayo meneja hakuyagusa. Ukiona kigezo kimebadilika kutoka karatasi ya mwaka jana hadi ya mwaka huu, uliza kwa maandishi kwa nini.

Mimi nilijitengenezea kigezo changu kwenye daftari. Hisa: bei zilipanda 11.4, nikaongeza gawio la wastani asilimia 6, ikawa 17.4. Hatifungani nikaziwekea 13, amana 8. Kisha kila moja nikaizidisha kwa sehemu yake kwenye mfuko: 17.4 mara 0.41 ni 7.1, 13 mara 0.46 ni 6.0, na 8 mara 0.13 ni 1.0. Jumla asilimia 14.1. Mfuko ulinipa 13.8. Haukuwa mfuko mbaya, ulitembea sambamba na soko na kubaki nyuma kidogo kwa sababu ya gharama. Ila ule ushindi wa pointi 5 haukuwepo. Makadirio yangu ya gawio na riba yanaweza kukosea kwa pointi moja huku au kule, kwa hiyo tofauti ya 0.3 nisingemhukumu nayo mtu. Tofauti ya 4.8 iliyopungua mpaka chini ya sifuri ndiyo iliyonifundisha.

Orodha ya vitega uchumi vikubwa isome ukiwa na kalamu. Usihesabu mistari, jumlisha kwa kampuni au benki iliyoshika hela. Kwenye karatasi yangu mstari wa pili ulikuwa hisa za benki moja, asilimia 14. Mstari wa tano ulikuwa amana ya muda maalumu, asilimia 9, na maelezo yake madogo yalionyesha iko benki hiyohiyo. Mistari miwili tofauti, lakini asilimia 23 ya mfuko imeegemea nguzo moja. Pia angalia tarehe. Orodha ile ilikuwa ya tarehe 30 Juni na ilinifikia katikati ya Agosti, kwa hiyo ni picha ya siku moja tu, tena iliyokwisha pita wiki kadhaa nyuma. Na kwa hisa ambazo haziuzwi mara kwa mara pale DSE, bei iliyoandikwa inaweza kukaa palepale miezi mingi, grafu ikaonekana imetulia kwa sababu tu hakuna aliyenunua wala kuuza.

Kuhusu lile onyo la matokeo ya nyuma, usiliruke. Kwa mifuko yetu yenye hatifungani lina maana inayoshikika. Mwaka 2021 Benki Kuu ilileta hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za muda huohuo ikashushwa hadi 12.56. Chukua mfuko uliojaza za 2021, ukang'ara, watu wakaukimbilia, mali zake zikawa mara mbili. Hela mpya yote ya mwaka huo ikanunua kwa 12.56. Wastani wa riba ukashuka kuelekea 14.3, na hakuna kosa lolote alilofanya meneja. Aliyeingia wakati huo kwa kuvutiwa na ile 15.95 alinunua mchanganyiko, na kila aliyeingia nyuma yake kwa riba hiyo ya chini aliuzimua zaidi. Kwa hiyo linganisha ukubwa wa mfuko mwaka juzi na sasa, kisha soma riba na mwaka wa kuiva wa hatifungani zilizoorodheshwa. Vitu hivyo viwili vitakuambia mengi zaidi kuhusu mwaka ujao kuliko grafu.

Faida ya "tangu kuanzishwa" mimi huipita. Siku ya kuanza ikiwa ilikuta bei ziko chini, namba hiyo itapendeza milele. Omba faida ya kila mwaka peke yake, mwaka kwa mwaka, ukiwemo mbaya kuliko yote, maana ndio utakaomfanya mama apige simu.

Kwa hizo milioni 3, usisaini kwanza. Weka hapa vitu vinne: bei ya kipande ya mwaka jana na ya sasa, mgawanyo wa hisa, hatifungani na amana, jina kamili la kigezo, na ile mistari midogo ya chini neno kwa neno. Tutaipiga hesabu pamoja jioni nikitoka kazini. Na utuambie mama atahitaji hela hiyo lini, maana kama ni ndani ya mwaka, mfuko wenye asilimia 41 ya hisa sioni kama unamfaa hata hesabu zikitoka safi.