Mistari ya muvi kwa crush: mwache yeye akwambie ameishia wapi

Kuna mdau wa Mafinga kanitumia meseji, anasema alimrushia binti mstari wa sisoni wanayoifuatilia wote, binti akanuna maana alikuwa hajafika huko. Ndugu yangu, mimi hapa Mbeya nimempata mtu kwa mstari wa muvi, tena muvi ya 1997, Titanic, na yeye ndio kwanza alikuwa anaiangalia, kwa hiyo nisikilize.

Siku hiyo umeme ulikata Mwanjelwa akiwa katikati ya muvi, akaanza kulalamika wasap. Nikamuuliza tu, umeishia wapi? Sikumtajia sini hata moja, maana ukiuliza "umefika pale anapofanya vile" umeshamsimulia. Akasema ameishia pale wawili wamesimama mbele ya meli, mikono wameitanua. Basi nikajua kila kilicho nyuma ya hapo ni salama, na nyuma ya hapo kuna ile Rose anataka kujirusha baharini, Jack anamwambia ukijirusha itabidi na mimi nikufuate, halafu baadaye anamkumbusha kwa kifupi, ukiruka naruka. Meli kuzama dunia nzima inajua, siri ya ile muvi ni nani anatoka mzima, na huo mstari hapo ulipo hausemi chochote.

Sikuutuma palepale. Nikasubiri, kesho yake akaandika anaenda Uyole kununua viazi na mvua inanyesha, baridi ya Mbeya si unaijua, nikamjibu "ukiruka naruka". Akakaa kimya kidogo, halafu akaandika "maji ya baridi kiasi gani?" Aisee! Rose anauliza hivyohivyo pale kwenye kingo, yaani alikuwa ameunasa na ananirudishia mpira. Tulienda wote Uyole, tukalowa.

Angeuliza "unamaanisha nini?" ningemwambia ni ya mwanzoni kwenye meli, basi, siongezi neno. Vijana mnaharibu kwenye nyongeza. Mstari wenyewe hauna shida, halafu unaweka "subiri uone mwisho" au "andaa leso", hapo umeshamwambia kuna mtu anakufa! Jifunzeni kunyamaza jamani, mwanaume mzima unashindwa kukaa na siri ya muvi utakaa na siri ya mtu?

Na muulize kama aliangalia ya kutafsiriwa. Madije wanaweka maneno yao, mstari wako wa orijino hautamwambia kitu, bora utumie alichosema dije.

Mdau wa Mafinga, usimwombe msamaha kwa kumweleza ile sini ilikuwa na maana gani, utamalizia kumsimulia kilichobaki. Mwache afike, akifika atakutafuta mwenyewe kukutukana, na hapo ndio muda wa kumjibu kwa mstari wa episodi ya kwanza.