Kwa nini 36 na 24 hazikuleta 60

Swali: Katika mpango wetu wa matangazo, televisheni inafikia asilimia 36 ya walengwa na redio asilimia 24. Nimejumlisha nikapata 60, lakini wakala ameandika 48, ingawa GRP tulizopata ni zilezile 120. Nani amekosea, na gharama kwa kila elfu inatokana na hesabu ipi?

Jibu: Wakala yuko sahihi. Ufikiaji huhesabu watu, na kila mtu huhesabiwa mara moja tu hata kama amekutana na tangazo mara nane, kwa hiyo wale waliolipata kwenye televisheni na redio pia, ambao katika mpango wenu ni asilimia 12, wameingia mara mbili katika jumla yako: 36 + 24 − 12 = 48.

GRP, yaani jumla ya pointi za reitingi, huhesabu mara, na haijali ni nani aliyerudiwa. Tuseme televisheni ina matangazo 4 yenye reitingi ya 20 kila moja, yaani kila moja hufikia asilimia 20 ya walengwa, na redio ina 4 yenye reitingi ya 10; hapo tunapata 80 + 40 = 120. Ndiyo maana GRP za vyombo tofauti zinajumlishika na hata kuvuka 100, jambo ambalo ufikiaji hauwezi kulifanya. Ukigawanya GRP kwa ufikiaji unapata wastani wa marudio:

```
120 / 48 = 2.5
```

Wewe, kwa 60 yako, ungepata 2, na ungedhani umewafikia watu wengi zaidi kuliko hali halisi.

Sasa gharama. Walengwa wakiwa 2,000,000, GRP 120 ni sawa na asilimia 120 ya idadi hiyo, yaani mionekano 2,400,000. Ikiwa bajeti ni 600,000 kwa sarafu yoyote mnayotumia:

```
600,000 / 2,400,000 x 1,000 = 250
```

Angalia kwamba elfu hiyo ni ya mionekano, si ya watu. Watu waliofikiwa ni 960,000, na kwa kila elfu moja yao mmelipa 625. Nimewahi kuona mipango miwili ikishindanishwa huku mmoja umepigiwa hesabu kwa njia ya kwanza na mwingine kwa ya pili. Kabla ya kulinganisha, uliza kilichowekwa chini ya mstari wa kugawanya.

Ile 2.5 nayo isikutulize haraka. Inawezekana nusu ya waliofikiwa, asilimia 24 ya walengwa, waliliona tangazo mara moja tu na nusu nyingine mara 4 (24 × 1 + 24 × 4 = 120), na wastani ukabaki uleule. Kama ujumbe wenu unahitaji kusikika angalau mara 3, ufikiaji wenu wenye manufaa katika hali hiyo ni 24, si 48, hivyo mwombe wakala jedwali la mgawanyo wa marudio.