Jibu: Kinyongo kwa ndugu aliyependelewa

"Mdogo wangu alikuwa kipenzi cha wazazi. Sasa sote ni watu wazima, lakini akinipigia simu naona uzito kupokea. Nifanyeje?"

Habari ndugu. Chunguza kwanza kinyongo hicho kinamlenga nani hasa, kwa sababu mara nyingi aliyependelewa hubebeshwa deni la mzazi. Mimi nilijitambua siku dada yangu aliponieleza kwa furaha kwamba amepandishwa cheo, nami nikamjibu "hongera" kavu na kukata simu. Hasira ile ilimhusu baba, ambaye alikuwa akisoma ripoti ya shule ya dada kwa sauti, na yangu akiiweka mezani bila kuifungua.

Baadaye nilimsimulia dada tukio hilo moja tu, kwani ukianza na "wewe ulipendelewa siku zote" atajitetea na mazungumzo yatafia hapo. Kisha nikamwuliza yeye anakumbuka nini. Alinyamaza kidogo, akasema aliishi kwa hofu ya kushika nafasi ya pili, maana hakujua kama baba angeendelea kumpenda.

Usimdai akiri kosa ambalo hakulitenda. Akikana kwamba upendeleo ulikuwepo, usimlazimishe siku hiyo. Kwetu ukaribu umerudi polepole, ila sasa simu yake naipokea, na habari zake njema nazisikiliza hadi mwisho.